Kukokotoa R0 ya ugonjwa wa wanyamapori: distempa na simba wa Serengeti, hatua kwa hatua

Mwanzoni mwa 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitikisika, wakipepesuka, wengine wakianguka kwa degedege. Miezi ilivyosonga ugonjwa ulivuka mpaka hadi Masai Mara. Vipimo vilionyesha ni virusi vya distempa, vinavyofanana na vile vya mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Takriban theluthi moja ya simba walikufa, yaani kama simba 1,000 kati ya 3,000 wa eneo lote la Serengeti na Mara. Walipopimwa damu waliobaki, asilimia 85 walikuwa na kingamwili za virusi hivyo.

Namba hizo mbili, theluthi waliokufa na asilimia 85 ya waliobaki, zinatosha kuanza kukokotoa R0, yaani kipimo cha mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Hazitoshi kumaliza, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kueleza kwa nini. Nimechagua tukio hili kwa sababu simba wa Serengeti wamefuatiliwa tangu 1966, wanajulikana mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa ya masharubu yao, na damu ya wengi imehifadhiwa kwa miaka mingi. Wanyamapori wachache wana kumbukumbu ya namna hiyo. Hesabu zenyewe unaweza kuzitumia kwa nyati, sokwe au popo, mradi ujue kila hatua inadai nini.

Hatua ya 1: Amua unahesabu nini

R0 ni wastani wa wanyama wapya watakaoambukizwa na mgonjwa mmoja, katika kipindi chote cha ugonjwa wake, iwapo ameingia kwenye jamii ambayo hakuna aliye na kinga. Ikiwa ni 3, mmoja anazaa wagonjwa watatu, watatu wanazaa tisa, na kadhalika mpaka wanyama wasio na kinga waanze kuadimika. Ikiwa chini ya 1, kila mnyororo wa maambukizi unakatika wenyewe, hata kama utachukua muda.

Angalia mambo ambayo R0 haiyasemi. Haisemi ugonjwa unaua wangapi. Haisemi unaenea kwa kasi gani kwa wiki, maana hilo linategemea pia muda unaopita kati ya mgonjwa na yule aliyemwambukiza. Wala si tabia ya virusi peke yake. Virusi vilevile vya distempa vina R0 moja kwa mbwa wa kijijini wanaozurura sokoni, nyingine kwa simba wanaolala wamelundikana kivulini, na nyingine kwa chui anayeishi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, andika sentensi moja: mgonjwa wangu ni nani, na anaambukiza kina nani? Kwa sasa tuandike: mgonjwa ni simba mmoja, na anaambukiza simba wengine wa Serengeti na Mara. Sentensi hii tutalazimika kuibadilisha mara mbili.

Hatua ya 2: Tafuta idadi ya walioambukizwa, ukiwakumbuka waliokufa

Hapa ndipo wengi wanapokosea mapema kabisa. Wanaona asilimia 85 wana kingamwili, basi wanaandika kwamba asilimia 85 ya simba waliambukizwa. Lakini damu ilichukuliwa kwa walio hai. Simba aliyekufa kwa distempa aliambukizwa pia, ila hayumo kwenye sampuli.

Hesabu sahihi inaanza na wale walionusurika bila kuguswa na virusi. Chukua simba 100 kabla ya mlipuko. Theluthi wamekufa, wamebaki kama 67. Kati ya hao 67, asilimia 15 hawana kingamwili, yaani 10. Hao 10 tu ndio virusi havikuwafikia. Walioambukizwa ni 90 kati ya 100. Tuiite sehemu hii z, na z = 0.90.

Kutoka 0.85 hadi 0.90 huenda ukaona ni tofauti ndogo. Ngoja uone inavyofanya kazi kwenye hatua inayofuata.

Kuna dhana mbili tumezipitisha kimyakimya. Tumechukulia kwamba vifo vyote vya kipindi hicho ni vya distempa, wakati simba hufa kwa sababu nyingine kila mwaka, na baadhi ya wanaoandikwa "hawaonekani" wamehamia tu. Pia tumechukulia kwamba hakuna aliyekuwa na kingamwili kabla ya 1994. Hii ya pili tutaishughulikia.

Hatua ya 3: Geuza z kuwa R0

Mlipuko ukishapita wenyewe bila chanjo, kuna uhusiano kati ya sehemu ya walioambukizwa na R0. Wazo lake ni rahisi: simba ananusurika bila kuguswa iwapo atakwepa kila nafasi ya kuambukizwa iliyozalishwa na wagonjwa wote. Kadiri R0 inavyokuwa kubwa, nafasi hizo ni nyingi, na wanaokwepa ni wachache. Ukiligeuza wazo hilo unapata:

```
R0 = -ln(1 - z) / z
```

Hiyo `ln` ni logariti asilia, na iko kwenye kikokotoo chochote cha kisayansi, hata cha simu. Tuweke namba zetu:

```
z = 0.90
-ln(0.10) = 2.303
R0 = 2.303 / 0.90 = 2.56
```

Yule aliyesahau waliokufa angeandika z = 0.85, na jibu lake lingekuwa 1.897 kugawanya kwa 0.85, sawa na 2.23. Tofauti ya sehemu tano kati ya mia kwenye z imeongeza R0 kutoka 2.23 hadi 2.56. Sababu ni kwamba fomula inafuata wachache waliobaki salama. Wakipungua kutoka 15 hadi 10, hilo ni punguzo la theluthi nzima.

Kwa sababu hiyohiyo, usitoe namba moja ukaishia hapo. Jaribu na kingamwili kwa asilimia 75 ya walio hai, kisha kwa asilimia 90, vifo vikiwa vilevile theluthi. Ya kwanza inaacha salama 0.167 na kutoa R0 ya 2.15. Ya pili inaacha 0.067 na kutoa 2.90. Sampuli ya simba wachache inaweza kukosea kwa kiasi hicho bila mtu yeyote kufanya uzembe. Mimi ningeandika "kati ya 2 na 3" kwenye ripoti, na ningemshuku anayeandika 2.56 na kuweka nukta.

Sasa wale waliokuwa na kinga kabla. Damu iliyohifadhiwa ilionyesha kwamba distempa ilishawahi kupita kwa simba hao kabla ya 1994, bila mtu kugundua. Simba wazee wangeweza kuwa na kingamwili za zamani. Tuseme, kwa mfano tu, moja ya kumi walikuwa na kinga tayari. Basi wasio na kinga mwanzoni ni 0.90, na wasio na kinga mwishoni ni 0.10. Fomula inakuwa:

```
R0 = ln(mwanzo / mwisho) / (mwanzo - mwisho)
R0 = ln(0.90 / 0.10) / (0.90 - 0.10)
R0 = 2.197 / 0.80 = 2.75
```

R0 imepanda, na inaeleweka: virusi vimefikisha kiwango kilekile cha maambukizi vikiwa na simba wachache wa kuanzia, basi lazima vilikuwa vinaenea kwa nguvu zaidi. Ukiwa na damu ya kabla ya mlipuko, hata ya wanyama wachache, ipime. Damu ya baada ya mlipuko haiwezi kukuambia kingamwili ni za mwaka gani.

Usichanganye vifo na maambukizi

Milipuko ile ya awali iliyopita kimya inafundisha jambo ambalo takwimu za vifo zingelificha. Simba wengi waliambukizwa bila vifo vingi kuonekana. Mwaka 1994, na tena 2001 kwa simba wa bonde la Ngorongoro, vifo vilikuwa vingi. Watafiti walipochunguza damu na tishu walikuta tofauti haikuwa distempa peke yake. Miaka hiyo ilitanguliwa na ukame mkali. Nyati walidhoofika na kujaa kupe, simba wakawala nyati hao kwa wingi, na wakaishia na vimelea vya babesia vingi kupita kawaida. Distempa hushusha kinga ya mwili, na babesia wakapata mwanya.

Kwa hesabu yetu maana yake ni hii: mlipuko wa kimya na mlipuko wa mauaji unaweza kuwa na R0 ileile. Babesia iliongeza uwezekano wa kufa ukishaambukizwa. Haikuhitajika ili virusi vienee. Inawezekana hata mnyama anayekufa haraka akaambukiza wachache kuliko anayeugua kidogo huku akiendelea kutembea na kula na wenzake. Basi ukiletewa grafu ya mizoga na kuambiwa "R0 imepanda mwaka huu", uliza kwanza damu inasemaje.

Hatua ya 4: Jiulize kama simba wanachanganyika

Fomula ya hatua ya 3 inachukulia kwamba simba yeyote anaweza kumwambukiza simba mwingine yeyote kwa uwezekano uleule. Hilo si kweli, na kila anayewajua simba anajua hivyo. Simba wanaishi katika makundi yenye eneo lake. Ndani ya kundi wanalambana, wanakula mzoga mmoja pua kwa pua, watoto wananyonya kwa majike tofauti. Nje ya kundi wanakutana mara chache, mpakani, kwenye mzoga unaogombaniwa, au madume wageni wanapoingia.

Kwa hiyo badilisha sentensi ya hatua ya 1. Mgonjwa sasa ni kundi zima, na swali ni: kundi moja lililoingiwa na virusi linaambukiza makundi mangapi mengine? Tuiite namba hiyo R ya makundi. Hii ndiyo inayoamua kama virusi vitavuka Serengeti au vitaishia karibu na mto mmoja.

Tufanye mfano. Namba hizi nimezichagua ili hesabu ionekane, hazijapimwa. Kundi lina simba 12. Virusi vikiingia, 10 wanaambukizwa kabla havijaisha humo. Kila mgonjwa, katika siku zake zote za kuambukiza, ana uwezekano wa 0.15 wa kuvipeleka kwenye kundi jingine. Basi:

```
R ya makundi = 10 x 0.15 = 1.5
```

Sasa chukua kundi dogo la simba 4, wote wakiambukizwa: 4 mara 0.15 ni 0.6. Virusi vilevile, tabia ileile ya kukutana na majirani, lakini katika eneo lenye makundi madogo tu mnyororo unakatika. Ukubwa wa kundi umefanya kazi ambayo R0 ya simba mmojammoja haiwezi kuionyesha. Simba mmoja anaweza kuambukiza wawili au watatu, na bado ugonjwa usiende popote, kwa kuwa wote ni wa nyumba moja.

Utajuaje kwamba unahitaji kuhesabu kwa makundi? Panga majibu ya damu kundi kwa kundi. Ukiona makundi ambayo karibu wote wana kingamwili na mengine ambayo hakuna hata mmoja, jamii yako inaungua nyumba kwa nyumba, na R ya makundi ndiyo ya kufuata. Ukiona kila kundi lina mchanganyiko unaofanana, fomula ya hatua ya 3 haijakosea sana.

Watu hupenda kuwalaumu madume wazururaji wasio na eneo, kwamba ndio wanaobeba ugonjwa kutoka pembe moja hadi nyingine. Mtafiti wa magonjwa ya wanyamapori Meggan Craft na wenzake walipojenga mtandao wa mikutano ya simba wa Serengeti kutokana na kumbukumbu za uangalizi, waliona makundi jirani yanakutana kiasi cha kutosha kueneza ugonjwa, na wazururaji wana mchango mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Dume mzururaji anaenda mbali, kweli, lakini ugonjwa wa kuambukiza kwa muda mfupi unamwacha kabla hajakutana na wengi.

Hatua ya 5: Weka tarehe juu ya ramani

Kama simba peke yao ndio walioeneza distempa, basi makundi yangepaswa kuugua kwa mpangilio: kundi la kwanza, kisha majirani zake, kisha majirani wa majirani. Chora makundi kwenye ramani, andika mwezi ambao kila moja lilianza kuugua, halafu fuata.

Kwa mlipuko wa 1994 mpangilio huo haukuonekana. Ugonjwa uliruka: kundi hapa, kisha jingine mbali, huku makundi ya katikati yakiwa bado mazima. Craft na wenzake walilinganisha mruko huo na ule ambao simba wangeweza kuufanya wenyewe, wakahitimisha kwamba virusi viliingizwa kwa simba mara kwa mara kutoka kwa wanyama wengine. Fisi madoa na bweha masikio nao waliugua mwaka huo. Fisi husafiri mbali kufuata nyumbu na hugombania mizoga na simba karibu kila usiku, kwa hiyo ni mshukiwa wa kuaminika.

Jambo hili linarudi nyuma na kuharibu hatua ya 3. Asilimia 90 walioambukizwa hawakuambukizwa wote na simba. Wengine walichukua kwa fisi. Fomula haikujua hilo, ikawahesabia simba kazi yote. Basi 2.56, au 2.75 tukihesabu kinga ya awali, ni kiwango cha juu: R ya simba kwa simba ni ndogo kuliko hapo, na huenda ni ndogo sana. Hata iwe chini ya 1, vifo vingi bado vinawezekana. Ikiwa kila simba mgonjwa anaambukiza wastani wa 0.8, kila uingizaji mmoja unazaa mnyororo wa wastani wa 1 / (1 - 0.8), yaani simba 5. Virusi vikiingizwa na fisi mara mia, una wagonjwa kama 500.

Hatua ya 6: Jenga jedwali la nani anamwambukiza nani

Badilisha sentensi kwa mara ya pili. Sasa kuna aina mbili za wagonjwa: simba, na "wengine", ambao ni fisi, mbweha na mbwa kwa pamoja. Unahitaji namba nne. Hizi tena ni za mfano:

```
mgonjwa simba     -> simba wapya:     0.7
mgonjwa simba     -> wengine wapya:   0.3
mgonjwa "wengine" -> simba wapya:     0.4
mgonjwa "wengine" -> wengine wapya:   0.9
```

Simba peke yao hawawezi kudumisha ugonjwa, 0.7 iko chini ya 1. Wengine peke yao hawawezi, 0.9 iko chini ya 1. Mtu akichunguza kila jamii kivyake ataandika kwamba hakuna hatari. Ila wanaambukizana. R0 ya mfumo wote, kwa aina mbili, inapatikana hivi:

```
a = 0.7   d = 0.9   b x c = 0.3 x 0.4 = 0.12
R0 = (a + d)/2 + sqrt( ((a - d)/2)^2 + b x c )
R0 = 0.8 + sqrt(0.01 + 0.12)
R0 = 0.8 + 0.36 = 1.16
```

Zaidi ya 1. Pamoja wanaweza kile ambacho hakuna anayekiweza akiwa peke yake. Neno `sqrt` hapo ni kipeuo cha pili. Angalia kwamba kinachobeba hesabu ni zao la b na c. Ukifanya mojawapo kuwa sifuri, kwa mfano simba wasirudishe virusi kwa wengine kamwe, jibu linashuka hadi 0.9, na simba wanakuwa ncha ya mnyororo tu: wanaugua, lakini hawana mchango katika kuudumisha ugonjwa.

Zipatikane wapi namba nne za kweli? Hii ndiyo kazi ngumu, na sitajifanya kuna njia ya mkato. Mpangilio wa vinasaba vya virusi kutoka kwa kila spishi husaidia kuonyesha mwelekeo wa kuvuka. Uangalizi wa mizoga hukupa mara ngapi simba na fisi wanakaribiana. Damu ya kila mwaka kutoka kwa spishi zote hukuonyesha nani anaanza kuugua na nani anafuata. Kilicho rahisi, na ambacho ningekifanya kwanza, ni kubadilisha kila namba kidogo na kuona ni ipi inayovusha R0 juu au chini ya 1. Hiyo ndiyo ya kutafutia fedha za kupima.

Hatua ya 7: Tafsiri kuwa chanjo

Kanuni inayojulikana inasema chanja sehemu ya 1 - 1/R0. Kwa 2.56 ya hatua ya 3, hiyo ni asilimia 61 ya simba. Kwa 1.16 ya hatua ya 6, ni kama asilimia 14, ila hapo lazima uchanje asilimia 14 ya simba na asilimia 14 ya wengine wote kwa pamoja. Nani atachanja fisi?

Swali la kweli la uwandani ni: nikichanja aina moja tu, natakiwa kufikia wangapi? Kwa hilo unafuata minyororo inayoanzia kwenye aina hiyo na kurudi kwake, ukijumlisha mizunguko yote inayopita kwa wengine:

```
simba tu:    0.7 + 0.12 / (1 - 0.9) = 1.9   -> chanja asilimia 47
wengine tu:  0.9 + 0.12 / (1 - 0.7) = 1.3   -> chanja asilimia 23
```

Mgawanyo huo wa mwisho una sharti. Ile aina usiyoichanja lazima isiweze kudumisha ugonjwa yenyewe. Kama 0.9 ingekuwa 1.1, mstari wa kwanza ungetoa namba hasi, na namba hasi hapo ina maana moja: hata ukichanja simba wote, ugonjwa utaendelea kwa wengine. Ukiona kikokotoo kimekupa hasi usidhani umekosea kubonyeza.

Kuhusu Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vya pembezoni zilianza 1996, dhidi ya kichaa cha mbwa, distempa na parvo. Kwa kichaa cha mbwa matokeo yalikuwa mazuri, na hesabu inaeleza kwa nini: R0 yake kwa mbwa wa Serengeti na Ngorongoro ilikadiriwa kuwa juu ya 1 kidogo tu, na mbwa ndio wanaoudumisha. Kwa distempa chanjo ilipunguza maambukizi kwa mbwa wenyewe, lakini simba waliendelea kuambukizwa. Kwa lugha ya jedwali letu, mbwa waliochanjwa walikuwa sehemu moja tu ya "wengine". Ama kuna mbwa zaidi nje ya ukanda wa chanjo, ama wanyama wa porini kwa pamoja wanatosha kuvizungusha virusi, ama yote mawili.

Kudumu ni suala jingine

Kuna swali ambalo R0 inashindwa kulijibu hata ikiwa sahihi kabisa: je, virusi vitabaki? Chukua R0 ya 2.5 kwa simba 3,000 waliojitenga na spishi nyingine. Mlipuko unachukua karibu asilimia 90, waliopona wanabaki na kinga kwa muda mrefu, na wagonjwa wanaambukiza kwa wiki chache tu. Miezi kadhaa baadaye hakuna mgonjwa hata mmoja. Watoto wapya wasio na kinga watazaliwa, lakini hawatakuta virusi vya kuwaambukiza. Ugonjwa wenye R0 kubwa unaweza kujimaliza katika jamii ndogo upesi kuliko ule wenye R0 ya 1.2 unaojikokota. Distempa inaporudi kwa simba miaka baadaye, kurudi huko kwenyewe ni ushahidi kwamba ilikuwa inaishi kwingine.

Kwa sababu hiyo, ukipewa nafasi ya kuchukua damu ya simba wachache tu kila mwaka, chagua wenye umri wa mwaka mmoja hadi miwili. Simba mwenye miaka kumi akiwa na kingamwili anakuambia tu kwamba virusi vilipita wakati fulani katika maisha yake. Mwenye umri wa miezi kumi na minane, ambaye kingamwili za maziwa ya mama zimeshaisha, anakuambia virusi vilikuwepo ndani ya hiyo miezi kumi na minane. Linganisha miaka hiyo na ile ya milipuko kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Simba wadogo wakiwa na kingamwili katika mwaka ambao mbwa hawakuugua, namba ya kwanza ya kurekebisha kwenye jedwali lako ni ile ya wanyama wa porini kuambukizana wao kwa wao.